Ngazi nyingi au muundo bapa? Kiwanda kimoja cha maziwa Tanga, miundo miwili mezani

Mwenye kiwanda kidogo anapoona mishahara ya wasimamizi inakula faida, wazo la kwanza ni kufyeka vyeo. Mwenzake ambaye mambo yamemwendea mrama huwaza kinyume chake: aongeze wasimamizi, kila kona iwe na mtu wa kuulizwa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea ndani ya kiwanda kilekile, kwa sababu idara moja inafaa kupewa muundo bapa, wenye mabosi wachache na watu wengi chini ya kila mmoja, wakati idara ya pili, ukuta kwa ukuta, inahitaji ngazi.

Nitachukua kiwanda cha maziwa pale Pongwe. Ni cha mfano, nimekiunda mwenyewe ili hesabu ziwe nyepesi, lakini kazi zake ni zilezile anazozijua yeyote aliyewahi kupeleka maziwa kituoni huku Tanga. Kina wafanyakazi wa kawaida 36. Kumi na wawili wako kwenye vituo sita vya kukusanyia, wawili kila kituo, kuanzia Muheza hadi Hale na Maramba. Kumi na wawili wako kiwandani wakisindika maziwa fresh na mtindi kwa zamu tatu, wanne kila zamu. Kumi na wawili wengine ni wa mauzo: madereva na wauzaji wanaozungukia maduka ya Ngamiani, Chumbageni, Makorora na kwingineko.

Miundo yenyewe

Muundo wa ngazi nyingi unakaa hivi. Juu yuko mkurugenzi, chini yake meneja mkuu, chini ya meneja mkuu mameneja watatu wa idara. Kila meneja ana wasimamizi watatu, na kila msimamizi ana wafanyakazi wanne. Muundo bapa unaondoa meneja mkuu na wasimamizi wote tisa. Anabaki mkurugenzi na viongozi watatu wa idara, kila mmoja na watu wake kumi na wawili.

| | Ngazi nyingi | Bapa |
|---|---|---|
| Wafanyakazi wa kawaida | 36 | 36 |
| Wenye kusimamia wengine | 14 | 4 |
| Jumla ya watu | 50 | 40 |
| Watu chini ya bosi wa kwanza | 4 | 12 |
| Hatua toka mfanyakazi hadi mkurugenzi | 4 | 2 |

Mistari miwili ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Idadi ya watu wanaowajibika moja kwa moja kwa bosi mmoja ndiyo mawanda ya usimamizi. Ule mfuatano wa nani anaamriwa na nani, toka juu hadi chini, ndio mnyororo wa amri. Viwili hivi vimefungamana: ukiwa na watu walewale, kila unapopunguza mawanda unarefusha mnyororo, na kila unapofupisha mnyororo unampa mtu mmoja watu wengi zaidi. Hakuna muundo unaokupa mawanda madogo na mnyororo mfupi kwa pamoja, labda kiwanda chenyewe kiwe cha watu watano.

Kabla ya kwenda mbali, tazama juu kabisa kwenye muundo wa ngazi nyingi. Mkurugenzi ana mtu mmoja tu chini yake, meneja mkuu. Bosi mwenye mtu mmoja ni dalili ya kutazamwa mapema kuliko zote. Kama mkurugenzi ndiye mwenye mali na anaishi Dar es Salaam, basi meneja mkuu ana kazi, maana ndiye mwenye kiwanda machoni pa watu. Kama wote wawili wanakaa kwenye jengo moja, mmoja wao anapeleka barua tu.

Kumi na wawili ni wengi kiasi gani?

Mwaka 1933 mshauri wa uongozi mwenye asili ya Lithuania, V. A. Graicunas, alijaribu kuonyesha kwa hesabu kwa nini bosi huchoka ghafla anapoongezewa watu wachache. Hoja yake ni kwamba bosi hashughuliki na watu tu, anashughulika pia na mahusiano yao. Yuko na kila mmoja peke yake, yuko nao wakiwa kwenye makundi, na kuna yale yanayopita kati yao wenyewe. Ukiita idadi ya watu n, mahusiano yanayowezekana ni:

```
n × (2^n ÷ 2 + n − 1)
```

Watu watatu wanatoa mahusiano 18. Wanne wanatoa 44, watano 100, sita 222. Kumi na wawili wa muundo wetu bapa wanatoa 24,708. Ukiishia hapo utasema muundo bapa ni wazimu, na ndivyo wengi walivyosema kwa miaka mingi. Ushauri uliozoeleka vitabuni ulikuwa bosi asizidishe watu watano au sita.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtu anagusana na kila mtu. Nenda kwenye vituo vya maziwa uone. Mpokeaji wa Hale hana habari na mpokeaji wa Maramba. Pengine hata sura hawajuani. Kila kituo ni watu wawili wanaofanya kazi pamoja, na kwa kanuni hiyohiyo watu wawili wanatoa mahusiano 6. Vituo sita ni mahusiano 36, basi. Kutoka 24,708 hadi 36, na watu ni walewale kumi na wawili. Kwenye chumba cha usindikaji hali ni tofauti kabisa: mwenye pampu, mwenye mashine ya joto, mwenye kufunga pakiti na mwenye usafi wanategemeana dakika kwa dakika. Wakikosana wawili, zamu nzima inayumba.

Kwa hiyo swali la "bosi asimamie watu wangapi" halijibiki bila kuuliza kazi za watu hao zinaingiliana kiasi gani. Joan Woodward, aliyechunguza viwanda kama 100 vya Essex kusini, Uingereza, miaka ya 1950, alikuta jambo linalokwenda na hili. Kwenye uzalishaji wa wingi, vitu vinavyofanana vikitoka mfululizo, msimamizi wa ngazi ya chini alikuwa na watu wanaokaribia 50. Kwenye viwanda vya mtiririko, vile vya kemikali ambavyo malighafi inapita mabombani bila kukatika, alikuwa na watu kama 15. Viwanda vilivyofanikiwa ni vile ambavyo mawanda yao yalikuwa karibu na ya kawaida kwa aina yao ya kazi.

Sisi wa Tanga hatuhitaji kwenda Essex kuliamini hilo. Kwenye shamba la mkonge nyapara mmoja anaweza kuwa na wakataji wengi, maana kila mkataji yuko kwenye mstari wake na mafungu ya majani yanahesabika jioni. Aliyekata kakata. Ndani ya korona, kule mashine inakokwangua nyuzi za mkonge, hapo hutaki mtu mmoja aangalie halaiki.

Mnyororo: ujumbe unapita kwa nani

Sasa upande wa amri. Tuseme saa 3 asubuhi gari la maziwa limekwama njiani kutokea Muheza, na mpokeaji anajua litachelewa kwa saa mbili. Mtu anayehitaji habari hii ni opereta wa zamu pale Pongwe, ambaye anakaribia kuwasha mashine. Kwa muundo wa ngazi nyingi, ukifuata itifaki, habari inatoka kwa mpokeaji kwenda kwa msimamizi wake, kisha kwa meneja wa ukusanyaji, kisha kwa meneja mkuu, inashuka kwa meneja wa uzalishaji, kwa msimamizi wa zamu, ndipo inamfikia opereta. Kupokezana mara sita. Meneja mkuu akiwa benki, habari inakaa kwenye simu yake.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kusema "tufanye bapa". Subiri kwanza. Henri Fayol, mhandisi Mfaransa wa migodi aliyeandika kanuni zake za uongozi mwaka 1916, alilitazama tatizo hilihili na hakuvunja ngazi hata moja. Alichopendekeza ni daraja: watu wawili wa ngazi sawa katika idara mbili wazungumze moja kwa moja, ilimradi mabosi wao wamekubali mapema na wanaarifiwa yaliyoafikiwa. Kwa kiwanda chetu ni ruhusa ya mstari mmoja: "Gari likichelewa zaidi ya nusu saa, mpokeaji ampigie opereta wa zamu, kisha amtumie meseji msimamizi wake." Hatua sita zimekuwa moja, na hujamwachisha mtu kazi.

Kinachobaki kulindwa ni kanuni nyingine ambayo Fayol aliishikilia sana, kwamba mtu apokee amri kutoka kwa bosi mmoja. Daraja ni la habari na makubaliano, si la amri. Siku mpokeaji wa Muheza atakapomwambia opereta "usiwashe hadi nifike", na msimamizi wa zamu akasema "washa", opereta atakuwa na mabosi wawili, na atamsikiliza yule anayepiga kelele zaidi.

Kwa hiyo kama malalamiko yako yote ni kwamba habari zinachelewa, jenga madaraja kwanza. Muundo bapa ni dawa ya ugonjwa mwingine, yaani maamuzi yanayochelewa. Habari na uamuzi hufanana ukivitazama kwa mbali, lakini habari unaweza kuipitisha pembeni, uamuzi unahitaji mwenyewe.

Kituoni: hapa bapa inashinda

Saa 1 na nusu asubuhi, kituo cha Muheza. Bodaboda zinashusha keni za aluminiamu. Mpokeaji, binti wa miaka ishirini na kitu, ananusa, anatazama, anazamisha laktomita kuona kama maji yameongezwa, kisha anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kipimo sawasawa ndani ya kikombe cha kupimia. Kikombe kikibaki laini, maziwa yanapita. Yakishikana vipandevipande, uchachu umeshaanza na hayataustahimili moto wa kiwandani.

Leo yameshikana. Mwenye keni ni mzee wa heshima.

"Binti, hayo nimekamua alfajiri hii."

"Shikamoo baba. Nakuamini, lakini tazama mwenyewe kikombe. Siwezi kuyapokea."

Kwa muundo wa ngazi nyingi, binti huyu hana mamlaka ya kukataa lita 40 peke yake. Anampigia msimamizi, ambaye yuko Hale. Msimamizi hapendi kumkasirisha mzee bila idhini, anampigia meneja. Wakati huo keni kumi nyingine zimepanga foleni juani, na maziwa kwenye joto la huku pwani hayana subira: bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa hivi. Meneja anapojibu, anasema nini? Anasema "kama yameshikana, kataa." Jibu lilelile lililokuwa kwenye kikombe tangu mwanzo. Mnyororo haukuongeza akili yoyote kwenye uamuzi, umeongeza saa moja tu.

Hii ndiyo alama ya kwanza ya mahali panapofaa muundo bapa: kipimo kinasema wazi, na aliye karibu zaidi ndiye anayejua zaidi. Mpe mamlaka. Kataa keni yoyote ambayo spiriti imeikataa, huna haja ya kumpigia mtu.

Kuna alama ya pili, na wengi wanaisahau halafu wanashangaa muundo bapa umewaangusha. Lazima kosa lionekane haraka na lijulikane ni la nani. Binti akimwonea haya mjomba wake akapokea maziwa mabaya, nani atajua? Kama gari linamimina maziwa ya vituo vyote sita kwenye tangi moja kabla ya kupimwa, hakuna atakayejua; maziwa ya Muheza yataharibu ya Hale na kila kituo kitasema si mimi. Hapo muundo bapa utakuwa uzembe uliopewa jina zuri. Lakini kama maziwa ya kila kituo yanakuja kwenye chombo chake, na yanapimwa tena getini Pongwe kabla hayajachanganywa, basi ifikapo mchana kila kituo kina alama yake kwenye daftari. Kiongozi mmoja anaweza kuwa na wapokeaji kumi na wawili bila kuwachungulia, kwa sababu kipimo cha getini kinamsimamia kila mmoja wao.

Ukiondoa wasimamizi watatu wa ukusanyaji, basi, sehemu ya mishahara yao inahamia kwenye vyombo vya vituo na vipimo vya getini. Anayetaka kuondoa wasimamizi bila kununua vipimo anajidanganya kwenye hesabu.

Chumba cha usindikaji: hapa ngazi inabaki

Ingia sasa kwenye mashine ya kupasteuri. Maziwa yanapashwa hadi nyuzi 72 na kushikiliwa hapo kwa sekunde 15, au kwenye tangi la kawaida hadi nyuzi 63 kwa dakika 30. Umeme unayumba, joto linashuka hadi 68 kwa muda mfupi, kisha linarudi. Opereta amechoka, ni saa 9 usiku, na akirudia mzunguko zamu itachelewa kutoka.

Tofauti na kikombe cha spiriti, hapa kosa halionekani. Maziwa yaliyopungukiwa moto yanafanana rangi, harufu na ladha na yaliyoiva. Yatapakiwa, yatakwenda madukani, na kosa litajitokeza siku ya pili au ya tatu, pakiti zikivimba kwenye friji ya muuza duka wa Makorora, au mtoto akiugua na watu wasijue kwa nini. Wakati huo opereta, msafishaji na mpakiaji wote wameshapita zamu kadhaa, na ushahidi umenywewa.

Weka watu kumi na wawili wa hapa chini ya kiongozi mmoja wa idara. Wako kwenye zamu tatu. Hata akiwa mchapakazi kiasi gani, kiongozi analala. Zamu mbili kati ya tatu hazioni. Mawanda yake kwenye karatasi ni 12, lakini kwa macho yake ni 4, na wale 8 hawana bosi, wana namba yake ya simu. Mara nyingi hapo mtu mmoja mzoefu hujikuta ndiye anayeulizwa kila kitu usiku, bila cheo, bila posho na bila kuwajibika akikosea. Ngazi uliyoifuta imeota tena yenyewe, safari hii gizani.

Kwa hiyo kwenye uzalishaji nabakiza viongozi watatu wa zamu, kila mmoja na watu wanne, na kwenye kila zamu kiongozi huyo peke yake ndiye mwenye kusema mzunguko huu urudiwe. Kiongozi wa idara anawasimamia hao watatu, mahusiano 18 kwa kanuni ya Graicunas, mzigo unaobebeka.

Na ninaongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye muundo wowote wa mwanzo: mkaguzi wa ubora asiye na mtu chini yake, anayewajibika kwa mkurugenzi moja kwa moja. Akiwa chini ya kiongozi wa uzalishaji, siku oda ni kubwa ataambiwa "pitisha tu", na anayemwambia ndiye anayemjazia fomu ya likizo. Mnyororo wa amri unafaa pale tu ambapo anayeamuru hamwamuru yule anayempima.

Mauzo

Hapa sina mengi. Muuzaji yuko barabarani, fedha zake zinahesabiwa jioni, hivyo bapa inafaa. Isipokuwa mali kauli. Duka likichukua mtindi leo kulipa wiki ijayo, kosa la muuzaji limejificha kama la opereta, linaonekana mwezi ukiisha. Weka kikomo cha deni kwa kila duka. Ndani ya kikomo muuzaji aamue mwenyewe, nje ya kikomo aulize. Huhitaji wasimamizi watatu kwa hilo.

Kiwanda kinachobaki

Ukikusanya haya, kiwanda kinakuwa na mkurugenzi, viongozi watatu wa idara, viongozi watatu wa zamu, mkaguzi mmoja na wafanyakazi 36. Jumla 44. Wenye kusimamia wengine ni saba badala ya 14. Mkurugenzi ana watu wanne, yaani viongozi watatu na mkaguzi. Nafasi zilizoondoka ni sita: meneja mkuu na wasimamizi watano. Msimamizi wa sita tungeweza kumfanya mkaguzi, kama ana ujuzi wa maabara. Wale wa zamu watatu wanabaki walipo. Ukikadiria msimamizi mmoja ni shilingi 600,000 kwa mwezi, wasimamizi watano ni 3,000,000, na kutoka humo toa gharama ya vyombo na vipimo kabla hujashangilia.

Yako mambo mawili ambayo chati haionyeshi. La kwanza ni vyeo. Katika muundo bapa mpokeaji hodari hana pa kupanda; kati yake na kiongozi wa idara hakuna kitu, na kiongozi hajafikia umri wa kustaafu. Huku kwetu cheo kina uzito nyumbani na msibani, si kwenye mshahara peke yake. Usipotengeneza madaraja ya ujuzi, mpokeaji daraja la kwanza, la pili, la tatu, kila moja na nyongeza yake na mtihani wake, atakwenda kwa mshindani anayempa jina la "msimamizi" hata kwa pesa pungufu.

La pili ni mkurugenzi mwenyewe. Muundo bapa unaovunjika mara nyingi huvunjikia juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waanzilishi wa Google waliondoa mameneja wa wahandisi ili kila mtu awe huru. Ndani ya miezi michache waliwarudisha, kwa kuwa watu walimfuata Larry Page, mmoja wa waanzilishi hao, na maswali ya risiti za matumizi na ugomvi wa wafanyakazi. Kampuni lile lilikuwa na wahandisi mamia, la kwetu lina watu 44, lakini kinachotokea ni kilekile: mameneja wakiondoka, maswali yao hayaondoki nao, yanatafuta mlango mwingine.

Njia ya kujua mapema ni kumwomba mkurugenzi aandike kwa wiki mbili kila swali linaloletwa mbele yake, nani ameleta, na kama jibu alilotoa lilikuwa tofauti na lile ambalo muulizaji angelisema mwenyewe. Maswali ambayo jibu lilikuwa lilelile ndiyo ya kushushwa, pamoja na kanuni iliyoandikwa. Yaliyobadilika ndiyo kazi halisi ya bosi. Kama mengi yalibadilika, usifyeke ngazi yoyote bado. Watu wako hawajajua unachokitaka, na ukiwaachia watakisia.

Kuhusu wakati, nisingeanza mabadiliko haya mwezi Machi wala Aprili. Masika inaleta majani, majani yanaleta maziwa mengi, na barabara za vijijini zinakatika siku hizohizo. Ukianza Juni baada ya mvua, ukaanza na vituo pekee, ukaacha uzalishaji na mauzo kama vilivyo, utapata miezi ya kutosha ya alama za getini kulinganisha.

Na muundo huu una mwisho wake. Kiongozi wa ukusanyaji anapaswa kufika kila kituo mara moja kwa wiki, kuona usafi wa tangi, spiriti kama ipo, daftari kama linajazwa. Ukihesabu nusu siku kwa kituo pamoja na safari, vituo sita ni siku tatu, zinabaki siku mbili za ofisi, wakulima na magari. Vituo vinane ni siku nne. Vikifika kumi wiki yake yote ya kazi imekwisha barabarani, na kituo cha kumi na moja kitatembelewa pale tu kinapoharibu. Hapo, kabla ya kufungua cha kumi na moja, gawa vituo kwa upande, vya njia ya Muheza hadi Hale viwe na kiongozi wake na vya Mkinga na wake, na ukubali kwamba ngazi uliyoiondoa umeirudisha kwa sababu nyingine.